Keki Tayari, Picha Tayari, Akaunti Yagoma

Tuseme yuko mwokaji keki mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ambaye kazi yake kubwa huangukia Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi. Saa hizo hizo ndizo wateja wake wako Instagram wakitafuta keki ya harusi, ya kipaimara, au ya mtoto anayetimiza mwaka. Mikono iko kwenye siagi na sukari, simu iko chaji. Anasikia kwa mwenzake kwamba siku hizi zipo programu za kupanga posti: unaandaa picha na maelezo yake Jumatano ukiwa umetulia, unachagua siku na saa, na ikifika posti inapanda yenyewe. Anatajiwa Buffer, Later, Hootsuite na Metricool. Anajisajili kwenye mojawapo, anabofya sehemu ya kuunganisha Instagram, anathibitisha kuwa ni yeye, na baada ya sekunde chache anaambiwa kwamba akaunti yake ni ya binafsi, kwa hiyo haiwezi kurushiwa posti moja kwa moja.

Hapo ndipo maswali huanza. Wapo wanaodhani ni mtego wa kuwatoa hela. Wapo wanaodhani wanatakiwa kwanza kwenda BRELA kusajili jina la biashara, halafu TRA kuchukua TIN. Yote mawili si kweli. Kuhamisha akaunti ya Instagram kutoka binafsi kwenda biashara ni bure, hufanyika ndani ya simu kwa dakika chache, na Instagram haiombi cheti chochote. Mwokaji wetu anaweza kuwa hana hata kibao nje ya nyumba na bado akaunti yake ikawa ya biashara jioni hii hii. Mambo yake na serikali ni habari nyingine kabisa, haigusi kitufe hiki wala hakiigusi.

Ugumu uko kwingine, na ili kuuona inabidi kujua programu hizi hufanyaje kazi.

Programu ya kupanga posti haiigusi simu ya mwenye akaunti. Haifungui Instagram kwa niaba yake wala haibofyi kitu. Kinachotokea ni kwamba seva ya programu ile inazungumza na seva za Meta, kampuni inayomiliki Instagram na Facebook, kupitia mlango maalumu ambao mafundi huuita API. Saa iliyopangwa ikifika, seva ya programu inaiambia Meta: picha iko kwenye anwani hii ya intaneti, maelezo yake ni haya, iandae. Meta inaichukua picha, inaikagua, inaiweka pembeni kama kifurushi kisichoonekana na mtu. Kisha inakuja amri ya pili: sasa itoe. Kifurushi kisichotolewa ndani ya saa 24 huharibika na kazi inabidi ianze upya. Ndiyo maana programu hizi hukaa na picha kwenye seva zao na kusubiri saa ifike, badala ya kumkabidhi Meta wiki nzima ya posti kwa mkupuo.

Kwa mwokaji wa Tabata hilo lina raha yake. Umeme ukikatika, bando likiisha, simu ikizima chaji, posti ya Jumamosi inapanda tu, maana simu yake haikuwa sehemu ya safari hiyo tangu mwanzo. Lakini mlango ule una mlinzi, na mlinzi hutazama kwanza aina ya akaunti.

Haikuwa hivyo siku zote. Instagram ilianza mwaka 2010 na kwa miaka kadhaa hapakuwa na njia rasmi ya programu za nje kurusha posti. Akaunti za biashara zilianzishwa mwaka 2016. Januari 2018 Facebook ikatangaza kwamba programu za washirika wake zingeweza kurusha picha Instagram moja kwa moja, ila kwa akaunti za biashara peke yake. Miezi miwili tu baadaye ukalipuka mkasa wa Cambridge Analytica, ambamo taarifa za mamilioni ya watumiaji wa Facebook ziligundulika kuwa zimechotwa kupitia programu ya nje, na kampuni ikaanza kufunga milango mingi kwa haraka. Agosti mwaka huo huo ruhusa iliyokuwa ikiziwezesha programu za nje kuandika kwenye profaili ya mtu wa Facebook ikaondolewa. Tangu hapo, anayetaka posti zake za Facebook zipande kwa ratiba kupitia programu ya nje sharti awe na Ukurasa. Profaili yenye jina lake na picha za shangazi zake haisogei.

Januari 2021 mlango wa kurusha posti za Instagram ulifunguliwa kwa watengenezaji wote wa programu, si washirika wachache tu, na katikati ya 2022 ukapanuliwa kupitisha Reels. Kwa akaunti binafsi mambo yalienda kinyume. Njia ndogo ya mwisho iliyokuwa imebaki, ambayo iliziruhusu programu za nje kusoma picha za akaunti binafsi bila kurusha chochote, ilizimwa tarehe 4 Desemba 2024. Kwa hiyo jibu alilopewa mwokaji halikutungwa na programu aliyojisajili. Angehamia programu nyingine angejibiwa hilo hilo kwa maneno mengine, kwa kuwa zote hubisha hodi mlango mmoja.

Kabla hajabofya lolote, kuna jambo moja la kutazama, na ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko yote: akaunti ya biashara haifungwi. Akaunti binafsi inaweza kuwekwa kufuli ili picha zionwe na waliokubaliwa tu. Ya biashara lazima iwe wazi. Mwenye akaunti yenye kufuli akiibadili, kufuli linaondoka, na maombi yote ya kufuatwa yaliyokuwa yakisubiri yanakubaliwa kwa mkupuo. Yule jamaa aliyeachwa kwenye foleni ya maombi tangu mwaka juzi kwa sababu zinazojulikana anaingia ndani bila kuulizwa.

Mwokaji wetu alianza akaunti yake kama watu wengi wanavyoanza, yaani picha za familia, za mahafali ya mdogo wake, za mtoto akiwa anaoga kwenye beseni. Keki zilikuja baadaye zikachanganyika humo humo. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na akaunti hiyo, kwa kuwa wateja wameizoea, na kuzitoa machoni pa watu picha za familia kwa kubofya nukta tatu juu ya kila picha na kuchagua "Archive". Picha haifutwi, inabaki inaonekana kwake tu. Ya pili ni kuiacha akaunti ya zamani na kufuli lake na kufungua mpya ya keki. Programu ya Instagram inabeba hadi akaunti tano kwenye simu moja, na kuruka kutoka moja kwenda nyingine hakuhitaji kuingia upya kila mara.

Ipi bora? Kama wafuasi wengi ni wateja, kuanza upya ni hasara isiyo na sababu, na jioni moja ya kuhifadhi picha za familia inatosha. Kama wafuasi wengi ni ndugu, majirani na waliosoma pamoja, akaunti mpya ni nafuu kwa kila mtu, wakiwemo ndugu waliochoka kuona keki.

Kubadili kwenyewe hakuna miujiza. Mwenye akaunti anafungua profaili yake, anagusa mistari mitatu juu kulia, anashuka hadi palipoandikwa "Account type and tools", kisha anachagua "Switch to professional account". Instagram hupenda kuhamisha vitufe vyake, hivyo jina la menyu linaweza kuwa limesogea kidogo, lakini maneno hayo ndiyo ya kutafuta. Baada ya kurasa chache za kusifia huduma, anaulizwa aina ya kazi yake. Atakuta orodha ndefu, na atafuta kinachofanana na kazi yake, kama "Bakery". Anaamua pia kama neno hilo lionekane chini ya jina lake au lifichwe.

Halafu linakuja swali ambalo wengi hulijibu bila kusoma: "Creator" au "Business"? Zote mbili ni akaunti za kitaalamu machoni pa Meta. Ya kwanza ilikusudiwa wasanii, wachekeshaji, wanahabari na watu wanaojulikana kwa majina yao. Ya pili ni ya duka, mgahawa, saluni, fundi, shule. Miaka ya mwanzo programu za kupanga posti zilikubali "Business" peke yake. Leo nyingi hukubali zote. Tofauti inayobaki na kuuma ni muziki.

Hapa mwokaji asikie vizuri. Nyimbo anazoziona kwenye maktaba ya Instagram zina leseni, na leseni nyingi ziliandikwa kwa matumizi ya mtu binafsi, si kwa kuuza bidhaa. Akaunti ikishakuwa "Business", nyimbo nyingi za wasanii maarufu hupotea kwenye maktaba yake na kubaki hasa zile za mkusanyiko wa Meta wenyewe, ambazo hazidaiwi mrabaha. Anayezoea kuweka kibao cha Bongo Fleva kilichotoka juzi juu ya video ya keki ikikatwa atashtuka. Wenye akaunti za "Creator" kwa kawaida huachiwa maktaba pana zaidi, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya wafanyabiashara wadogo huchagua kujiita watunzi wa maudhui hata kama wanauza viatu. Kitufe kinawaruhusu. Leseni ya wimbo, tukisema ukweli, haiwaruhusu kwa sababu tu wamebadili jina la akaunti.

Mwishoni anaulizwa namba ya simu na barua pepe za kuonyeshwa kwa wateja. Namba iliyomo kwenye akaunti huja imejazwa tayari, na asipoangalia namba yake ya nyumbani itakaa hadharani kwenye kitufe cha kupiga. Anaweza kuibadilisha ikawa namba ya oda, au akachagua "Don't use my contact info". Anaulizwa pia kuhusu kuunganisha Ukurasa wa Facebook, na anaweza kuruka hatua hiyo kwa wakati huo. Akaunti tayari ni ya biashara. Wafuasi ni wale wale, picha ni zile zile, jumbe za inboksi ziko palepale.

Kuunganisha programu ya ratiba ndiyo kazi ya pili, na kwa miaka mingi imekuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Hadi Julai 2024 njia ilikuwa moja, nayo ilipitia Facebook. Mwenye akaunti ya Instagram alilazimika kuwa na profaili ya Facebook. Profaili hiyo iwe na mamlaka juu ya Ukurasa wa Facebook, na Ukurasa huo uwe umeunganishwa na akaunti ile ya Instagram. Programu ya nje iliingia kwa mlango wa Facebook, ikauliza Kurasa ulizonazo, na kupitia Ukurasa ndipo ikaiona Instagram. Kiungo kimoja kikikatika, programu haioni kitu. Julai 2024 Meta ikaleta njia ya pili: mtu anaingia kwa Instagram yenyewe, bila Facebook wala Ukurasa. Programu nyingi sasa humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua. Kwa mwokaji anayetaka kurusha picha za keki Instagram tu, njia hii mpya ndiyo ya kuchukua. Njia ya Facebook inamfaa anayetaka pia posti zipande kwenye Ukurasa wake, au anayeendesha matangazo ya kulipia.

Tuseme anataka vyote viwili, kwa kuwa wateja wa rika la mama yake wako Facebook. Ukurasa upo. Ulifunguliwa miaka kadhaa iliyopita na mpwa wake, wakati huo yuko likizo, kwa kutumia Facebook ya mpwa. Mpwa sasa yuko Mwanza. Mwokaji anaweza kuandika kwenye Ukurasa kwa sababu mpwa alimpa ruhusa ndogo ya kuandika na kujibu jumbe. Anabofya kuunganisha, anaingia kwa Facebook yake, na programu inamwambia haijaona akaunti yoyote ya Instagram.

Kosa hapa haliko Instagram. Liko kwenye mamlaka ya Ukurasa. Facebook ina ngazi mbili: walio na uwezo wote, na waliopewa kazi maalumu tu. Kuunganisha Instagram na Ukurasa ni kazi ya mwenye uwezo wote. Mpwa anatakiwa kufungua mipangilio ya Ukurasa, sehemu iliyoandikwa "Page access", na kumwongeza mama yake mdogo kwa "full control". Mwokaji akishakubali mwaliko, anakwenda mwenyewe kwenye "Linked accounts" na kuiunganisha Instagram yake. Akaunti moja ya Instagram huungana na Ukurasa mmoja tu, kwa hiyo kama mpwa aliwahi kuiunganisha na Ukurasa mwingine wa majaribio, kwanza itenganishwe huko. Na kama mpwa hapatikani, au nenosiri la Facebook yake limepotea pamoja na simu, asipoteze mwezi akimtafuta. Afungue Ukurasa mpya. Ni bure, na wafuasi mia mbili wa Ukurasa uliolala si mali ya kulilia.

Kipo pia kikwazo cha kioo cha ruhusa. Meta inapouliza ni Kurasa zipi na akaunti zipi za Instagram programu iruhusiwe kuzigusa, kila moja ina kisanduku chake. Watu wengi, kwa tahadhari nzuri tu, huacha baadhi bila kutiki, au hukubali kusoma na kukataa kurusha. Programu inaungana, inaonyesha picha ya profaili, kila kitu kinang'aa, halafu posti ya kwanza inagoma. Kukata na kuunganisha tena mara nyingi hakusaidii, kwa sababu Facebook inakumbuka jibu la mwanzo na kulirudia kimyakimya. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya Facebook, sehemu ya "Business integrations", kuifuta programu hiyo kabisa, kisha kuanza upya na kutiki vyote vinavyohusu Ukurasa na Instagram husika.

Anayetumia kompyuta ya pamoja atazame jambo moja zaidi kabla ya kubofya: kivinjari kimeingia kwa Facebook ya nani? Kama ni ya mume, au ya kijana wa steshenari, programu itaungana na Kurasa za huyo. Hilo hutokea mno, na dalili yake ni rahisi: majina yanayotokea kwenye orodha ni mageni.

Jambo ambalo halitakiwi kutokea hata mara moja ni mtu kuandika nenosiri la Instagram ndani ya ukurasa wa programu ya ratiba yenyewe. Njia rasmi humpeleka kwenye ukurasa wa Instagram au Facebook, anathibitisha hapo, kisha anarudishwa. Anwani iliyo juu ya kivinjari ndiyo ushahidi. Programu inayodai nenosiri iwekewe mkononi haipiti mlango rasmi. Inajifanya simu yako, na Meta ikigundua huweza kuifunga akaunti.

Programu iliyounganishwa sawasawa haipewi nenosiri bali tokeni, yaani kibali cha maandishi marefu ambacho seva huonyesha kila inapobisha hodi. Kibali hiki kina uhai. Kwa njia ya kuingia kwa Instagram, tokeni ya muda mrefu hudumu siku 60, na programu huihuisha kabla haijafa bila mwenye akaunti kujua. Lakini mwenye akaunti akibadili nenosiri, tokeni inaweza kufa papo hapo. Mwokaji akibadili nenosiri Jumatatu kwa kuwa simu yake iliibiwa Jumapili, aunganishe programu upya siku hiyo hiyo, la sivyo posti za wiki nzima zitagoma.

Kuna namna ya kutofautisha magonjwa. Posti zote zikigoma kuanzia siku fulani, muungano ndio umekatika: nenosiri, mamlaka ya Ukurasa, ruhusa iliyofutwa. Posti moja ikigoma na za kabla na baada yake zikapanda, tatizo liko kwenye posti yenyewe. Pengine maelezo yamezidi herufi 2,200, pengine alama za reli zimezidi kiwango kinachoruhusiwa, pengine video ni ndefu kuliko inavyoruhusiwa. Kwa ujumbe huo mmoja mtu anajua kama aende kwenye mipangilio au arekebishe picha, na anaokoa saa nzima ya kubofya ovyo.

Kosa la tatu halina ujumbe wowote, na ni la kwetu hasa. Posti inapanda, haigomi, ila saa isiyo yake. Mwokaji anapanga keki ya Ijumaa "saa 2 usiku", anaandika 2:00 na kuchagua AM kwa kuwa ni usiku. Posti inapanda saa nane za usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati wateja wamelala. Saa 2 usiku kwa programu ni 8:00 PM, au 20:00. Saa 1 asubuhi ni 7:00 AM. Na hata mwenye kuandika saa vizuri huweza kukwama kwenye majira: programu nyingi hutumia majira yaliyowekwa siku ya kujisajili, na kama yalibaki ya London au New York, saa zitakuwa mbele au nyuma, tena zitabadilika mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa nchi hizo husogeza saa zake na Tanzania haisogezi. Kwenye mipangilio atafute Dar es Salaam, au Nairobi ambayo saa yake ni moja na yetu.

Hata muungano ukiwa mzima, si kila kitu hupita mlangoni. Stori inaweza kurushwa kwa ratiba, lakini vibandiko vyake vya kubofya, kama kile cha linki au cha kura, havipiti kwa njia hii. Wimbo kutoka maktaba ya Instagram kwa kawaida nao haubandikwi kutoka nje, sauti lazima iwe tayari ndani ya video. Kwa mambo hayo programu nyingi zina njia ya kuzunguka: saa ikifika zinatuma arifa kwenye simu, mwenye akaunti anaigusa, picha na maelezo yanafunguka ndani ya Instagram, anaongeza wimbo au linki na kumalizia mwenyewe. Njia hiyo hiyo baadhi ya programu huitoa hata kwa akaunti binafsi. Kwa mtu asiyetaka kabisa kuondoa kufuli lake, na ambaye ana dakika moja ya kugusa simu saa ya posti, hiyo inatosha, na makala hii yote haimhusu.

Na kuna wasiohitaji programu ya nje. Mwishoni mwa 2022 Instagram iliweka upangaji wa posti ndani ya programu yake yenyewe kwa akaunti za kitaalamu, hadi siku 75 mbele. Meta Business Suite nayo hupanga posti za Instagram na za Ukurasa wa Facebook kwa pamoja, bila malipo. Anayetumia mitandao hiyo miwili tu, akaunti moja, mtu mmoja, haoni sababu kubwa ya kulipa dola kila mwezi. Programu za nje zinaanza kuleta faida pale anapotaka TikTok na mitandao mingine iingie kwenye kalenda moja, au anapomwajiri binti wa kumwandalia posti na hataki kumpa nenosiri.

Mwokaji akichoka, anaweza kurudi. Pale pale kwenye "Account type and tools" kuna kitufe cha kurejea akaunti binafsi. Akikigusa, takwimu za wangapi waliona posti zake zinafutwa, kitufe cha kupiga simu kinaondoka, na programu ya ratiba inapoteza ruhusa saa hiyo hiyo. Posti zilizokuwa zimepangwa hazihami kwenda popote. Zinabaki kwenye foleni ya programu na kila moja inagoma saa yake ikifika. Asitishe foleni kwanza, apakue takwimu anazotaka kuzitunza, ndipo abadili. Na kama alikuwa kwenye siku za majaribio za programu ya kulipia, afute usajili huko huko kwenye programu hiyo, kwa kuwa kubadili akaunti ya Instagram hakusimamishi makato ya kadi. Mwisho kabisa afungue mipangilio ya Instagram, sehemu ya "Website permissions", kisha "Apps and websites", na kuiondoa programu ile kwenye orodha. Huko huenda akakuta na nyingine mbili tatu alizoziruhusu zamani, za kutafuta nani aliacha kumfuata na za kubahatisha zawadi. Hizo nazo aziondoe.